Kidonge Kimoja, Ndoo Moja

Watu wanadhani kurahisisha waraka ni kuufupisha. Wanadhani unachukua kurasa zote zile za Kiingereza, unazikamua kama nguo, na tone linalobaki ndilo unalolipeleka kijijini. Ndiyo maana kazi hii huletwa mezani kwangu Ijumaa alasiri, watu wakiwa wameshafunga makabati, na mtu anachungulia mlangoni na kusema, "Mama Nsokolo, hebu tutolee kitu kizuri cha ukurasa mmoja hapo."

Mimi ni Leokadia Nsokolo, mratibu wa elimu ya afya katika halmashauri yetu. Nina hasira za karibu, na sioni haya kusema hivyo. Waliofanya kazi na mimi wanajua kwamba ukigusa sentensi yangu bila kuniuliza, nitakufuata hadi kantini.

Waraka wa kipindupindu ulifika masika yakiwa yamekolea, wagonjwa wa kwanza wameshalazwa huko bondeni. Ulikuwa waraka mzuri, nausema ukweli. Waliouandika walijua kazi yao. Tatizo lake ni kwamba uliandikwa na wataalamu kwa ajili ya wataalamu. Aya ya tano, ile ya maji ya kunywa, ilikuwa sentensi moja ndefu hadi unaishiwa pumzi, na ndani yake mlikuwa na maisha ya watu. Ilisema kidonge kimoja cha klorini kinatosha lita ishirini za maji maangavu. Ilisema maji yenye tope yaachwe yatuame, yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yatiwe vidonge viwili. Ilisema usubiri nusu saa kabla ya kunywa. Na mwishoni kabisa, pale ambapo msomaji mvivu ameshafunga karatasi, ilisema kwamba vidonge visipotosha, maji yachemshwe.

Nilikaa nayo Jumamosi nzima. Jumatatu asubuhi nikachukua rasimu yangu hadi kliniki ya wajawazito, nikaketi benchini na akina mama waliotoka bondeni, nikawasomea. Hivyo ndivyo kazi hii inavyofanywa. Huandiki ukajipongeza, unawasomea wenyewe halafu unanyamaza usikie.

Nilikuwa nimeandika "maji machafu." Mama mmoja Msukuma, mjamzito wa miezi ya mwisho, akanikatiza hapo hapo.

"Kwetu hakuna maji machafu, mama."

"Mnachota wapi?"

"Mtoni."

"Na yana rangi gani sasa hivi?"

"Ya mto." Akacheka na wenzake wakacheka. "Sasa mama wewe, maji ya mto yawe na rangi gani? Machafu ni yale ya kufulia."

Nikafuta. Neno lile lingewapita wote pembeni, maana hakuna mtu anayeamini kwamba anawapa wanawe maji machafu. Tukashauriana pale pale, tukaandika: "Tia maji kwenye glasi. Weka kidole nyuma yake. Usipokiona kidole vizuri, maji yako yana tope." Kisha wakanisumbua kuhusu ndoo. Ndoo ipi? Ndogo au kubwa? Tukaandika: "Dumu moja lililojaa, la lita ishirini, au ndoo ndogo mbili za lita kumi." Na pale penye kuchemsha niliandika "hadi yachemke," mama mwingine akasema kwake maji yakianza kutoa mvuke tu anaepua, kuni ni shida. Tukaandika: "Yaache yatokote kwa mapovu makubwa, dakika moja nzima, ndipo uepue."

Nilirudi ofisini na kurasa mbili. Mbili tu! Kila neno lilikuwa na sababu ya kuwepo, na hakuna lililopingana na waraka. Nilijisikia kama mpishi aliyepakua chakula kilichoiva sawasawa.

Kaimu Mganga Mkuu wetu, Dokta Hezroni Mwaipaja, alizisoma kurasa zangu akiwa anajibu simu. Si mtu mbaya sana kwa asili. Ana sauti nzuri na anapenda kuonekana hana wasiwasi.

"Mama Nsokolo, hiki ni kitabu," akaniambia.

"Ni kurasa mbili, Daktari."

"Wananchi hawasomi. Ujumbe mmoja, mstari mmoja. Mambo ya kidole nyuma ya glasi, jamani, tunafundisha mazingaombwe?"

"Bondeni maji yote yana tope saa hizi. Ukiondoa hapo umeondoa bonde zima."

"Tutarahisisha. Wewe niachie."

Nikamwambia siachi. Nikamwambia kurahisisha si kukata mguu ili suruali itoshe. Akacheka, akanisifu kwamba nina maneno, na kesho yake nikapangiwa safari ya kata za juu mlimani, kwenda kuhamasisha. Niliandika barua ya kupinga kabla sijaondoka, nikamkabidhi katibu wake mkononi. Gari likanichukua.

Huko mlimani ndiko nilikokutana na kipeperushi kilichochapishwa. Karatasi ya kung'aa, nembo juu, na namba ya waraka chini kabisa ili mtu aamini. Katikati, kwa herufi kubwa: "KIDONGE KIMOJA, NDOO MOJA. SUBIRI NUSU SAA. KUNYWA KWA AMANI." Basi. Hakuna tope, hakuna kitambaa, hakuna kuchemsha. Na gari la matangazo lilikuwa limeshapewa wimbo wa maneno hayo hayo, watoto wanauimba barabarani.

Na ubaya wa mambo ni kwamba mlimani kipeperushi kile kilifanya kazi. Maji ya huko yanatoka kwenye chemchemi, meupe, unaona hadi vidole vya miguu. Kidonge kimoja kilitosha. Nikajua tayari yatakayosemwa ofisini: mbona juu wamepona?

Nilipiga simu wilayani mara nyingi, nikajibiwa kwa upole kwamba Daktari yuko kwenye kikao. Nilipomaliza mlimani sikurudi ofisini. Nilimwambia dereva ateremke bondeni, moja kwa moja hadi Kisansa.

Shule ya msingi ya Kisansa ilikuwa imegeuzwa kambi ya wagonjwa. Madarasa mawili yalikuwa na vitanda vyenye tundu katikati na ndoo chini yake, na harufu ya klorini mlangoni ilinifanya nitokwe na machozi. Baada ya kunyunyiziwa viatu na kunawa, nilimkuta mzee mmoja amekaa kwenye tofali nje ya uzio, amevaa koti licha ya joto. Alikuwa Kanisius Kasomfi, balozi wa nyumba kumi za upande wa mtoni. Mke wake, Oresta, alikuwa ndani kwenye dripu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu." Akaitazama fulana yangu ya halmashauri. "Wewe ndiye wa karatasi?"

"Ni mimi, baba."

"Afadhali umekuja. Wanatusema huko mjini kwamba hatufuati. Twende ukaone."

Alinipeleka kwake. Kipeperushi kilikuwa kimegongomelewa mlangoni kwa misumari minne, kimefunikwa nailoni kisilowe. Nyumba zake zote alikuwa anazizungukia mwenyewe, anagawa vidonge kwa mkono wake, anasimama hadi kidonge kitumbukie. Sikuwahi kuona agizo la serikali linatekelezwa kwa usafi namna ile. Kila kaya kidonge kimoja, ndoo moja, nusu saa.

"Sasa huyu Oresta wangu mbishi tangu uchumba," akaniambia. Alikuwa anatabasamu. "Ametia kidonge, amesubiri, amenusa. Akasema, mzee, maji haya hayanuki dawa hata kidogo, yananuka tope. Akasema anaongeza cha pili. Nikamwambia wewe mwanamke, unataka watu waseme balozi anavunja agizo nyumbani kwake? Nikamnyang'anya kile cha pili, nikampelekea jirani."

Kulikuwa na ndoo kwenye kivuli cha ukuta, imefunikwa vizuri. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Hayo yametiwa dawa?"

"Tangu asubuhi."

Nilitoa kipimo changu cha klorini mkobani. Ni kitu kidogo, kichupa cha plastiki na vidonge vya kupimia. Maji yakiwa na dawa iliyobaki, yanageuka rangi ya waridi. Nilichota yale yaliyokuwa juu, yaliyotuama kidogo, nikatia kidonge cha kupimia, nikatikisa. Yakabaki vile vile. Nikarudia na maji mengine. Yakabaki vile vile.

Ndipo nikaomba ndoo nyingine ya maji ya mtoni yaliyokwisha kutuama. Tukayachuja kwa khanga safi ya Oresta iliyokunjwa mara nne, nikatia vidonge viwili, tukasubiri pamoja, mimi na mzee, tukiongea habari za mpunga. Muda ulipotimia nikapima. Waridi, wazi kabisa.

Mzee Kanisius alikishika kile kichupa, akakiinua kwenye mwanga.

"Hii rangi ndiyo dawa?"

"Rangi ikionekana, dawa ipo. Isipoonekana, dawa imekwisha. Dawa ikikuta tope inapigana na tope kwanza, baba. Inaishia huko. Haibaki ya kuua vijidudu."

"Na karatasi ilijua hivyo?"

"Waraka ulijua. Karatasi haikuambiwa."

Hakuniuliza ni nani aliyeinyima. Aliniachia kichupa mkononi, akasema anarudi kambini, mkewe asije akaamka akakosa mtu.

Usiniulize nilifikaje mjini. Niliingia kwa Dokta Mwaipaja bila kubisha hodi, nikiwa na tope hadi magotini, nikaweka juu ya meza yake kichupa nilichokijaza upya kwa maji ya ile ndoo ya kwanza, yaliyokataa kugeuka waridi.

"Haya ndiyo maji ya amani yako," nikasema.

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Alikiangalia kama mtu anayeangalia bili aliyokuwa anaitarajia.

"Funga mlango, Mama Nsokolo."

"Ukiwa wazi unatosha."

Akainuka akaufunga mwenyewe. "Bohari ina maboksi machache. Ukigawa viwili viwili, vinaisha kabla mzigo mwingine haujafika. Ukigawa kimoja, vinafika kila kaya. Ulitaka nifanye nini?"

Kumbe! Siku zote hizo nilidhani nagombana na mtu asiyejua. Nilidhani ni uvivu wa kusoma, ni kudharau kazi ya lugha, mambo niliyoyazoea. Kumbe alisoma vizuri sana. Aliisoma aya ya tano hadi mwisho kuliko mtu yeyote, kisha akaikata mahali alipotaka.

"Ulitaka kila kaya ipate kidonge kisichofanya kazi," nikasema.

"Nilitaka kila kaya ipate kitu."

"Aya ya tano imesema vidonge visipotosha wachemshe. Kwa nini ulitoa na hilo?"

"Kwa sababu ukiwaambia havitoshi, umezua taharuki! Kesho wanauliza vimekwenda wapi. Na kuni huko hakuna. Wachemshe kwa kitu gani?"

"Si waulize! Wana haki ya kuuliza. Wewe umewaandikia kunywa kwa amani maji ambayo ulijua yana kipindupindu."

"Sikujua. Nilikadiria." Akasukuma karatasi mbele yangu. "Hii ni taarifa inayokwenda mkoani. Keshokutwa tunakutana na mabalozi wote wa bondeni pale ofisi ya kata. Nahitaji aya hii kwa Kiswahili, lugha nyepesi, utaisoma wewe. Watu wanakupenda."

Niliisoma nikiwa nimesimama. Ilisema, kwa Kiingereza kilichonyooshwa vizuri, kwamba ugonjwa unaendelea bondeni kwa sababu ya mwitikio hafifu wa jamii, tofauti na kata za juu ambako wananchi wamezingatia maelekezo. Kwa lugha nyepesi, hiyo ni kusema: mmekufa kwa ukaidi wenu.

Nilikunja ile karatasi, nikaitia mkobani, nikatoka. Sikuaga.

Kesho yake Oresta alifariki. Alizikwa na timu ya afya kwa mavazi yao ya plastiki, padre kwa mbali, na mumewe nyuma ya kamba. Niliambiwa na muuguzi kwa simu. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Huzuni ilikuja baadaye sana.

Siku ya mkutano, ukumbi mdogo wa kata ulijaa mabalozi tu, kwa kuwa mikusanyiko ilikuwa imezuiwa. Walinawa mlangoni mmoja mmoja, wakakaa wakiachiana nafasi. Mzee Kanisius alikuwa benchi la mbele na koti lake. Sikutegemea kumwona. Dokta Mwaipaja aliwapa pole kwa sauti yake nzuri, akasema sasa Mama Nsokolo atawasomea tathmini.

Nilisimama na karatasi mbili. Ile ya mwitikio hafifu nikaiweka mezani chini ya mkono wangu. Nikafungua rasimu yangu ya Kiswahili.

"Ndugu zangu, shikamooni wazee. Nawasomea aya ya tano ya waraka wa kipindupindu. Sitaongeza jambo, sitapunguza."

"Mama Nsokolo," Daktari akasema chini chini, "hiyo haipo kwenye ratiba."

"Ipo kwenye waraka, Daktari."

Nikasoma. Kwa maneno yale yale tuliyoyapanga na akina mama kliniki: kidole nyuma ya glasi, dumu lililojaa, maji ya tope yatuame, yachujwe, vidonge viwili. Nilipofika kwenye vidonge viwili, ukumbi ulitoa mguno mmoja kama watu wanaoinua mzigo. Sikunyamaza. Nikasoma hadi mwisho, kwamba vidonge visipotosha, maji yachemshwe yatokote kwa mapovu makubwa dakika nzima.

Balozi mmoja kijana akasimama. "Sasa sisi tuliambiwa kimoja. Kimoja kilitoka wapi?"

Dokta Mwaipaja akawahi kuinuka. "Ndugu wajumbe, tuwe watulivu. Palitokea kasoro ndogo ya tafsiri. Mnajua lugha hizi za kitaalamu—"

Tafsiri! Yaani anibebeshe na hilo.

"Hapakuwa na kasoro ya tafsiri," nikasema, na sauti yangu ilipanda hadi ikanishangaza mwenyewe. "Tafsiri ilikuwa kamili. Ilikatwa. Ilikatwa kwa sababu vidonge vilikuwa havitoshi na mkaonekana nyie si watu wa kuambiwa ukweli."

Nilingojea taharuki. Alikuwa ameniimbia sana hiyo taharuki, nami kidogo nikawa nimeiamini. Haikuja. Kisha yule kijana akauliza, "Vilivyobaki vinatosha nini?" Mtu wa bohari, aliyekuwa amejificha nyuma, akajibu kwamba vikitolewa viwili viwili vinatosha kaya za kandokando ya mto kwa wiki, labda na zaidi kidogo. Basi wapewe hao, wakasema, na sisi wengine tuchemshe. Kuni? Mama mmoja balozi akasema pale mashineni kuna mlima wa pumba za mpunga unaoza bure, yeye jiko la pumba analo, na kulitengeneza ni bati na udongo. Walishapanga nani aanze kubeba pumba kabla Daktari hajajua afanye nini na mikono yake. Nilimtazama, nikatamani kumuuliza ni watu gani hao aliokuwa anawaogopa.

Ile aya ya mwitikio hafifu haikusomwa. Nilimrudishia mbele yao, nikamwambia kwamba hiyo mimi siwezi kuitafsiri, kwa kuwa si kweli, na uongo ukiurahisisha unakuwa uongo mwepesi. Najua nitaitwa. Barua ya kujieleza imeshaandikwa, nasikia, na ina kurasa nyingi kuliko kipeperushi.

Watu walipoanza kutoka, Mzee Kanisius alibaki benchini. Nilimwendea nikakaa upande wa pili wa benchi.

"Pole, baba. Pole sana kwa mama."

"Ahsante." Akavuta koti lake. "Nisomee tena pale."

"Wapi, baba?"

"Pale pa maji ya tope."

Nikamsomea polepole. Alikuwa anafuata kwa midomo, kama mtu anayejifunza sala mpya.

"Viwili," akasema.

"Viwili."

"Kwa hiyo Oresta hakukosea."

"Hakukosea hata kidogo."

Akatikisa kichwa. Nje walikuwa wanaitana kwenda mashineni, wengine wanabishana kuhusu magunia.

"Na mimi, binti yangu? Mimi niliyemnyang'anya?"

Maisha yangu yote ni kutafuta maneno mepesi kwa mambo mazito, na pale benchini nilitafuta sana.

"Wewe ulitii tulichokuandikia, baba," nikasema.

Akainuka, akaenda kunawa mikono mlangoni, vidole vyote, mbele na nyuma, kama tulivyomfundisha.